Pareto ya malalamiko katika Excel: chati ya tayari, ya kujijengea au ya PivotTable?

Kesho asubuhi kuna kikao, na mbele yako kuna orodha ya malalamiko 240 ya mwezi mzima. Swali litakaloulizwa ni moja tu: tuanze na lipi? Chati ya Pareto hulijibu kwa picha. Nguzo za sababu hupangwa kutoka ndefu hadi fupi, na juu yake hupita mstari wa asilimia limbikizi, yaani ukifika kwenye sababu fulani, umeshakusanya asilimia ngapi ya malalamiko yote.

Excel ina njia tatu za kuichora. Ya kwanza ni chati ya Pareto iliyo tayari ndani ya programu. Ya pili ni kujijengea mwenyewe kwa jedwali dogo na chati mseto ya nguzo na mstari. Ya tatu ni kupitia PivotTable, jedwali la Excel linalojumlisha data kwa makundi. Ukizitazama kwa mbali, picha zake zinafanana. Ukikaribia, zinaweza kukupa majibu tofauti kwa data ileile, kwa hiyo kuchagua njia ni sehemu ya kazi yenyewe.

Msimamo wangu nausema mapema. Chati ya tayari naitumia ninapotaka kuangalia haraka peke yangu. PivotTable naitumia ninapochimba na ripoti ya kila mwezi inapohitajika. Lakini chati itakayopelekwa kwa watu wanaofanya uamuzi, naijenga mwenyewe. Sababu zinaonekana vizuri zaidi tukishika mfano mmoja na kuupitisha katika njia zote tatu.

## Data tutakayotumia

Chukua dawati la huduma kwa wateja la duka la mtandaoni. Karatasi ya Excel iitwayo Malalamiko ina safumlalo moja kwa kila lalamiko: namba ya lalamiko, tarehe, sababu, na dakika zilizotumika kulishughulikia. Safuwima ya sababu ni C, na data inaanzia safumlalo ya 2 hadi ya 241. Ukihesabu, unapata hivi:

| Sababu | Idadi |
|---|---|
| Mzigo umechelewa | 86 |
| Bidhaa imeharibika | 58 |
| Bidhaa siyo iliyoagizwa | 33 |
| Ankara ina makosa | 16 |
| Simu haikupokelewa | 12 |
| Maelezo hayalingani na bidhaa | 8 |
| Fedha hazijarudishwa | 5 |
| Nyinginezo | 22 |

Kabla ya kuchora chochote, isafishe safuwima ya sababu. Aliyeandika "Mzigo umechelewa" na aliyeandika "Mzigo umechelewa" akaacha nafasi mwishoni, kwa macho yako wameandika kitu kimoja. Kwa Excel hizo ni sababu mbili. Herufi kubwa na ndogo hazileti shida, lakini nafasi za ziada huleta, na makosa ya tahajia vilevile. Nafasi za kawaida huondolewa na TRIM. Data iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa mtandao mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiigusi, kwa hiyo ni salama zaidi kuandika hivi katika safuwima ya pembeni:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))
```

Shusha fomula hadi mwisho, nakili matokeo, kisha yabandike kama thamani juu ya safuwima ya zamani. Halafu ichuje safuwima hiyo ionyeshe seli tupu tu, zichague na ubonyeze Delete, maana fomula huacha ndani yake maandishi matupu ambayo Excel huyahesabu. Kama kompyuta yako hutenganisha vipande vya fomula kwa nuktamkato, weka nuktamkato kila unapoona koma. Na kwa miezi ijayo, wape waandikaji orodha ya kuchagua kupitia Data Validation. Orodha hiyo itakupunguzia kazi ya kusafisha kuliko fomula yoyote.

## Chati ya tayari: dakika moja, na Nyinginezo katikati ya picha

Chati hii ilikuja na Excel 2016. Unachagua safuwima mbili, ya sababu na ya idadi, unaingia Insert, unafungua Insert Statistic Chart, kisha unabofya Pareto. Basi. Excel inapanga nguzo yenyewe na kuchora mstari wa asilimia bila wewe kuandika fomula hata moja.

Ina uwezo mmoja mzuri ambao watu wengi hawaujui: haihitaji jedwali lililokwisha kujumlishwa. Ukiipa orodha ghafi ya malalamiko 240, na pembeni yake safuwima yenye namba 1 kila mahali, itakusanya sababu zinazofanana na kuzijumlisha. Kwa mtu anayetaka kuona umbo la data kabla ya chai kupoa, hakuna njia inayoifikia.

Sasa iangalie kwa data yetu. Nguzo ya kwanza ni 86, ya pili 58, ya tatu 33. Ya nne ni Nyinginezo, 22. Chati hii hupanga kwa ukubwa tu. Haijui kwamba Nyinginezo ni kapu la mabaki. Mstari unapofika hapo umeshagonga asilimia 82.9. Mtu kwenye kikao atasema, kwa haki kabisa, "Kumbe sababu nne za kwanza zinabeba zaidi ya asilimia 80, tuzishughulikie hizo." Moja kati ya hizo nne haishughulikiki, kwa sababu ndani yake kuna malalamiko 22 yasiyohusiana. Wakati huohuo ankara zenye makosa, jambo ambalo lina mwenyewe na linatibika, zimesukumwa hadi nafasi ya tano. Njia pekee ya kulikwepa hilo ndani ya chati hii ni kuitoa Nyinginezo kwenye data, na ukiitoa, asilimia zote zinapanda kwa uongo kwa sababu jumla imeshuka kutoka 240 hadi 218.

Tatizo la pili ni kwamba mstari wake umefungwa. Asilimia zinapigiwa hesabu ndani ya chati na hazionekani kwenye seli yoyote, kwa hiyo huna pa kuzikagulia. Nguzo zinakubali lebo za namba, ila mstari haukubali, hivyo huwezi kuandika asilimia kwenye vituo vyake. Huwezi pia kuongeza mstari mwingine, kwa mfano wa alama ya asilimia 80, kwa kuwa chati za kundi hili hazichanganyiki na aina nyingine. Ukijaribu kuichora moja kwa moja kutoka ndani ya PivotTable, Excel inakataa.

La tatu ni la vifaa, na lilinipata mimi. Niliwahi kutuma faili la ripoti usiku, lenye chati hii, kwa mtu aliyekuwa na Excel ya kabla ya 2016. Alichokiona ni kisanduku cheupe chenye ujumbe kwamba chati hiyo haipatikani katika toleo lake. Ripoti ilikuwa inajadiliwa asubuhi, nami sikuwepo. Tangu siku hiyo, chati ya tayari ikilazimika kusafiri, naituma kama picha.

## Kujijengea: jedwali kwanza, picha baadaye

Njia hii ina hatua zaidi, lakini kila hatua inakuachia kitu cha kukagua. Fungua karatasi mpya. Katika A1 hadi C1 andika vichwa: Sababu, Idadi, Limbikizi. Orodhesha sababu saba za kweli kuanzia A2 hadi A8, na Nyinginezo iweke A9. Katika B2 andika fomula hii na uishushe hadi B9:

```
=COUNTIF(Malalamiko!$C$2:$C$241,A2)
```

Hapa simama kidogo ufanye ukaguzi ambao njia ya kwanza haikupi nafasi ya kuufanya. Jumlisha B2 hadi B9, kisha hesabu seli zenye maandishi kwenye safuwima ya sababu kwa COUNTA. Kama ya kwanza inasema 231 na ya pili 240, malalamiko tisa hayajaingia popote: yameandikwa kwa tahajia ambayo jedwali lako haliijui. Yatafute kabla ya kuendelea. Kama COUNTA yenyewe inasema 237 wakati malalamiko ni 240, kuna matatu yaliyoachwa bila sababu.

Kisha panga. Chagua A2 hadi B8 tu, ukiiacha Nyinginezo nje, halafu ingia Data, Sort, upange kwa safuwima B kutoka kubwa hadi ndogo. Hakikisha alama ya My data has headers imeondolewa. Umechagua kuanzia safumlalo ya 2, na alama hiyo ikibaki, Excel itaichukua sababu ya kwanza kama kichwa na kuiacha palepale ilipo. Dalili yake ni rahisi: nguzo zote zimeteremka kwa mpangilio isipokuwa ya kwanza.

Katika C2 andika fomula hii, ishushe hadi C9, kisha zipe seli hizo muundo wa asilimia:

```
=SUM($B$2:B2)/SUM($B$2:$B$9)
```

Siri iko kwenye alama za dola. Mwanzo wa jumla umefungwa kwenye B2, mwisho wake unateremka pamoja na fomula. Utapata 35.8, 60.0, 73.8, 80.4, 85.4, 88.8, 90.8 na mwisho 100. Ukiona ya mwisho si 100 kamili, kuna dola iliyokosekana.

Sasa chagua A1 hadi C9, ingia Insert, Recommended Charts, fungua All Charts, kisha Combo. Idadi iwe Clustered Column, Limbikizi iwe Line, na weka alama ya Secondary Axis kwenye Limbikizi. Ukisahau alama hiyo, mstari utalala sakafuni kana kwamba haupo, kwa sababu thamani zake hazizidi 1 wakati nguzo zinafika 86.

Picha itakayotoka bado haijawa Pareto ya kuaminika, na marekebisho mawili ya mihimili ndiyo yanayoleta tofauti. Mhimili wa kulia, Excel huupeleka hadi asilimia 120, jambo lisilo na maana hapa. Bofya mara mbili juu yake na uweke Maximum kuwa 1. Mhimili wa kushoto uweke Maximum kuwa 240, yaani jumla ya malalamiko yote. Hapo pande mbili zinazungumza lugha moja: malalamiko 240 upande huu ni asilimia 100 upande ule. Kipimo cha kuona kama umepatia ni kituo cha kwanza cha mstari. Kinapaswa kukaa juu kabisa ya nguzo ya kwanza, kimeigusa. Kikielea juu yake au kikizama ndani yake, mihimili haijalingana, na macho ya msomaji yatadanganywa kuhusu ukubwa wa nguzo. Chati ya tayari nayo inahitaji ukaguzi huu, lakini wengi hawaufanyi kwa sababu inaonekana imekamilika.

Ndiyo, ukiweka 240 nguzo ndogo zitaonekana ndogo sana. Ziache hivyo, kwa sababu ni ndogo kweli.

Malizia kwa Gap Width ya asilimia 10 hivi ili nguzo zikaribiane, na lebo za asilimia juu ya mstari. Kama unataka mstari wa 80, ongeza safuwima ya D yenye 0.8 kuanzia D2 hadi D9, nayo iwe Line kwenye mhimili wa kulia.

Ila huo mstari wa 80 usiwatawale watu. Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia aliyeishi kati ya 1848 na 1923, alichunguza mgawanyo wa mali na kipato, akaona sehemu kubwa iko mikononi mwa wachache. Aliyelihamishia wazo hilo kwenye ubora wa kazi na kulipa jina lake ni Joseph Juran. Uwiano wa 80 kwa 20, yaani asilimia 80 ya matatizo kutoka asilimia 20 ya sababu, ni kielelezo, haujawahi kuwa kanuni ambayo data lazima iitii. Katika mfano wetu asilimia 80 inavukwa kwenye sababu ya nne, ankara, kwa asilimia 80.4. Lakini angalia nguzo zenyewe: 86, 58, 33, kisha 16. Baada ya ya tatu kimo kinaanguka kwa zaidi ya nusu, na mstari unaanza kulala. Mimi ningekata hapo, kwenye sababu tatu. Kuingiza ya nne kwa sababu tu mstari umegusa 80 ni kuifuata namba na kuiacha picha.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haijipangi upya. Mwezi ukibadilika, COUNTIF itahesabu upya, lakini mpangilio wa sababu utabaki wa mwezi uliopita hadi uupange tena kwa mkono, na namba 240 kwenye mhimili haitabadilika yenyewe. Wenye Microsoft 365 au Excel 2021 wanaweza kutumia SORTBY kupanga kwa fomula, na tatizo la mpangilio likaisha. La mhimili hubaki.

## PivotTable: kwa anayechimba

Bofya popote ndani ya orodha ya malalamiko na ubonyeze Ctrl+T kwanza, ili orodha iwe jedwali rasmi la Excel na safumlalo mpya ziingie zenyewe. Kisha Insert, PivotTable. Sababu ipeleke Rows. Kwenye Values, watu wengi huiburuta Sababu ileile ili ihesabiwe; mimi naburuta Namba ya lalamiko, mara mbili, na kuzibadilisha zote ziwe Count. Tofauti inaonekana pale palipo na mapengo. Count ya Sababu haihesabu seli tupu, kwa hiyo malalamiko yasiyo na sababu yanapotea kwenye jumla. Count ya Namba inayahesabu, na yanajitokeza kwenye jedwali kwa jina la (blank), yakidai kupewa sababu.

Kwenye safuwima ya pili bofya kulia, Show Values As, % Running Total In, na uchague Sababu. Rudi kwenye ya kwanza, bofya kulia, Sort, Largest to Smallest. Asilimia limbikizi hufuata mpangilio unaoonekana, kwa hiyo usipopanga, utapata mstari unaopanda kwa mirukomiruko isiyo na maana. Kisha PivotChart, Combo, na mhimili wa pili kama ulivyofanya kwenye njia ya kujijengea.

Tatizo la Nyinginezo lipo hapa pia, kwa sura nyingine. Unaweza kuiburuta kwa mkono hadi chini, lakini ukifanya hivyo Excel inaacha kupanga yenyewe. Data mpya ikiingia, sababu zinabaki pale ulipoziacha. Na katika matoleo mengi PivotTable haijisasishi. Mpaka ubofye Refresh All, unatazama picha ya jana.

Kwa nini basi ninaipenda? Kwa sababu ya kinachotokea baada ya kuiona nguzo ndefu. "Mzigo umechelewa" ni lalamiko kama mteja alivyolisema, na bado si sababu inayoweza kukabidhiwa mtu aitengeneze. Mzigo ulichelewa kwa nini? Bofya mara mbili kwenye seli yenye 86, na Excel inafungua karatasi mpya yenye safumlalo hizo 86 peke yake. Zisome moja baada ya nyingine, na pembeni andika chanzo. Katika mfano wetu inatoka hivi: mizigo 49 ilitoka ghalani siku iliyofuata baada ya oda, 21 ilikuwa na anwani isiyokamilika, 11 ilikwama kwa msafirishaji, na 5 haikueleweka. Ukichora Pareto ya hizo 86, vyanzo viwili vya kwanza vinabeba malalamiko 70, asilimia 81.4. Na tazama alipoangukia msafirishaji, yule ambaye kila mtu ofisini alikuwa tayari kumlaumu: 11 kati ya 86.

Hiyo Pareto ndani ya Pareto ndiyo inayotoa kazi ya kufanya Jumatatu: kurekebisha muda wa ghala kufunga oda, na kumzuia mteja kumaliza oda bila anwani kamili. Njia nyingine mbili zinaweza kuifikia kwa kuchuja na kunakili, lakini PivotTable inaifikia kwa kubofya mara mbili.

## Je, tunahesabu kitu sahihi?

Chati zote tatu zinachora utakachozipa. Hadi sasa tumezipa idadi, na kwa idadi kila lalamiko lina uzito sawa. Dawati la huduma halilioni hivyo. Mteja wa mzigo uliochelewa anaangaliziwa ulipofika na kupewa jibu; wastani kwenye data yetu ni dakika 6. Bidhaa iliyoharibika inahitaji picha, uthibitisho na kutuma nyingine: dakika 35. Bidhaa isiyo sahihi 25, ankara 45, simu 5, maelezo 15, fedha kurudishwa 60, na Nyinginezo 10.

Zidisha idadi kwa dakika na upange upya. Bidhaa zilizoharibika zinapanda juu kwa dakika 2,030. Zinafuatiwa na bidhaa zisizo sahihi, dakika 825, kisha ankara, 720. Mzigo kuchelewa, uliokuwa wa kwanza kwa mbali, unaanguka hadi nafasi ya nne kwa dakika 516. Jumla yote ni dakika 4,791, karibu saa 80 za kazi, na bidhaa zilizoharibika peke yake zimekula asilimia 42.4.

Picha hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inaonyesha ni kero ipi inawagusa wateja wengi zaidi, ya pili inaonyesha ni ipi inalimaliza dawati. Ningezipeleka zote mbili kikaoni, ubavu kwa ubavu, na kila moja iwe na kichwa kinachosema wazi kinachohesabiwa. Kwa kulinganisha njia, hapa chati ya tayari inajikomboa kiasi: badala ya safuwima ya namba 1 ipe safuwima ya dakika, na itajumlisha yenyewe. PivotTable nayo inahitaji tu Sum ya dakika mahali pa Count. Kwenye jedwali la kujijengea, badilisha COUNTIF kwa hii, ikiwa dakika ziko safuwima D:

```
=SUMIF(Malalamiko!$C$2:$C$241,A2,Malalamiko!$D$2:$D$241)
```

Kisha usisahau kupanga tena, na mhimili wa kushoto uwe 4791.

## Mwezi wa pili

Ghala likabadilisha muda wa kufunga oda, na mwezi uliofuata malalamiko ya kuchelewa yakashuka kutoka 86 hadi 41. Bidhaa zilizoharibika zikawa 57 badala ya 58, mengine hayakubadilika, na jumla ikawa 194. Chora chati ya tayari kwa mwezi huo na utaona kitu cha kushtua: bidhaa zilizoharibika sasa ndizo nguzo ndefu kuliko zote, na sehemu yake imepanda kutoka asilimia 24.2 hadi 29.4. Asiyejua atauliza watu wa upakiaji wamefanya nini mwezi huu. Hawajafanya chochote. Lalamiko moja limepungua kwao, na kilichopungua zaidi ni jumla.

Kwa ulinganisho wa kabla na baada, chati mbili zinapaswa kuwa na mhimili wa kushoto wenye kikomo kilekile, 240 kwa zote mbili. Safuwima ya Limbikizi, kwa mwezi wa pili, igawe kwa jumla ya zamani:

```
=SUM($B$2:B2)/240
```

Mstari wa mwezi wa pili utaishia asilimia 80.8 badala ya 100, na pengo lililobaki juu yake ni malalamiko 46 ambayo hayakuja. Kwenye chati ya tayari mstari huo hauwezi kuubadilisha, maana hesabu yake imefungwa ndani, na % Running Total In ya PivotTable nayo itaishia 100 kila mwezi. Kwenye jedwali ulilojijengea, ni kubadilisha fomula moja na kuishusha.